Kusoma picha ya karatasi ya ECG: miiba, viboksi na mahali pa kuishia

*"Habari wakuu. Mzee wangu ana miaka 68, amepimwa ECG kwa sababu anachoka haraka na anahisi moyo unarukaruka. Daktari wa moyo tutamwona wiki ijayo. Nimepiga picha karatasi na kuhesabu viboksi vidogo kati ya mwiba na mwiba kwenye mstari mrefu wa chini: 17, 24, 15, 21, 27, 18, 22, 16, 25, 19, 20. Nikitumia ile kanuni ya kugawa 300, mara napata mapigo 100, mara 56. Mashine imeandika juu 'Atrial fibrillation', halafu 'Unconfirmed'. Kipi ni sahihi, na mtu wa kawaida anaweza kusoma nini hapo?"*

Ndugu, nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa ndani, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kupima ECG na kumpelekea daktari karatasi. Nitakayoyaeleza ni ya mpimaji, si ya daktari bingwa wa moyo.

Kabla ya hesabu yoyote, tazama maandishi madogo yaliyo pembezoni mwa karatasi. Yakisomeka `25 mm/s` na `10 mm/mV`, hesabu zako zina msingi, kwa kuwa kwa mwendo huo kiboksi kidogo kimoja ni sekunde 0.04 na kiboksi kikubwa ni sekunde 0.2. Mashine ikiwa imewekwa kwenye `50 mm/s`, miiba hutawanyika maradufu, na moyo unaopiga mara 100 utaonekana kupiga mara 50 kwa anayetumia kanuni ya 300 bila kuangalia. Nimeona picha nyingi zilizokatwa pembezoni ili miiba ionekane vizuri, na kilichokatwa ndicho hicho kinachoipa miiba maana.

Sasa hesabu yako. Kanuni ya 300 imetengenezwa kwa ajili ya moyo unaopiga kwa nafasi sawa. Nafasi yako fupi kuliko zote ni viboksi 15, yaani vikubwa 3, na 300 kwa 3 ni 100. Ndefu kuliko zote ni 27, yaani vikubwa 5.4, na hapo unapata 56. Hukukosea kugawa, ila kila jibu linasimulia nafasi moja tu, wala halisemi moyo umepiga mara ngapi kwa dakika. Moyo usiopiga kwa mpangilio huhesabiwa kwa jumla. Mstari mrefu wa chini katika ECG ya kawaida hurekodi sekunde 10, kwa hiyo unahesabu miiba yote iliyomo na kuzidisha kwa 6. Nafasi zako ni 11, kwa hiyo miiba ni 12, na 12 mara 6 ni 72. Ukitaka kuhakiki, jumlisha nafasi zako zote: utapata viboksi 224, sawa na takriban sekunde 9, na nafasi 11 ndani ya sekunde 9 zinatoa mapigo kama 73 kwa dakika. Njia mbili zimekubaliana, na kasi hiyo yenyewe haitishi.

Kinachostahili kuangaliwa ni kutofautiana kwa nafasi. Namba zako zinacheza kati ya sekunde 0.60 na 1.08, na kila nikizisoma sioni mpangilio unaojirudia. Hazipungui polepole kisha kuongezeka polepole jinsi inavyotokea pumzi inapoingia na kutoka, jambo ambalo ni la kawaida, hasa kwa vijana. Wala sioni nafasi zilizo sawa zikikatizwa na pigo moja la mapema linalofuatwa na kituo, ingawa mapigo ya mapema yakiwa mengi yanaweza kuvuruga nafasi kiasi cha kufanana na hizi. Kuhakikisha bila kutegemea macho yangu, chukua kipande cha karatasi, kiweke chini ya mstari, tia alama kwenye ncha za miiba minne mfululizo, kisha kisogeze mbele mwiba mmoja mmoja. Kama alama hazikutani na ncha popote, moyo huo haukuwa na mpangilio katika sekunde hizo 10. Hadi hapo mtu wa kawaida anaweza kufika, na mashine na hesabu yako zinasema jambo moja.

Jina la tatizo, hata hivyo, haliamuliwi na miiba mirefu. Linaamuliwa na kilima kidogo kinachotangulia mwiba, yaani wimbi la P, ambalo ni alama ya umeme kupita katika vyumba vya juu vya moyo. Likiwapo mbele ya kila mwiba, lenye umbo lile lile, na umbali kutoka mwanzo wake hadi mwanzo wa mwiba ukabaki ule ule, kati ya viboksi vidogo 3 na 5, basi amri ya mapigo inatoka mahali pake. Likiwa halipo kabisa, na mahali pake pana mtetemo mdogo usio na umbo maalumu, huku nafasi zikiwa kama zako, hapo ndipo tunapozungumzia fibrilesheni ya atria, ile 'Atrial fibrillation' iliyoandikwa na mashine, yaani vyumba vya juu kutetemeka badala ya kupiga kwa mpangilio. Mtetemo huo mara nyingi huonekana vizuri zaidi kwenye mstari ulioandikwa `V1` kuliko kwenye ule mrefu wa chini.

Shida ni kwamba wimbi la P kwa kawaida halizidi urefu wa viboksi vidogo viwili na nusu, na mara nyingi ni fupi zaidi ya hapo. Picha ya simu hulimeza kwa urahisi. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, na mistari hafifu hufutika kwanza. Ikipitishwa kwenye programu ya kuskani inayogeuza kila kitu kuwa nyeusi na nyeupe, viboksi vya waridi hupotea na vilima vidogo huondoka pamoja navyo. Kuinamisha simu hakuharibu hesabu ya viboksi, kwa sababu viboksi na miiba hupungua pamoja kadiri karatasi inavyokwenda mbali na kamera, ila anayepima kwa rula juu ya kioo cha simu atapata namba zisizo na maana. Kwa hiyo nafasi ulizohesabu naziamini kuliko ambavyo ningeamini kauli kwamba "P haionekani" iliyotokana na picha. Kutoonekana kwenye picha si kutokuwepo kwenye karatasi.

Wala karatasi yenyewe si shahidi asiyeyumba. Aliwahi kuletwa wodini kwetu mzee aliyekuwa na mkono wa kulia unaotetemeka kwa ugonjwa wa Pakinsoni, na mashine ikaandika maneno yale yale uliyoyaona wewe. Kwenye mistari ya `I` na `II` sehemu iliyo kati ya miiba ilikuwa imechafuka kabisa, lakini mstari wa `III` ulikuwa safi, na mawimbi ya P yalipangana humo bila kuruka hata moja. Sababu ni ya waya: mstari wa I na wa II yote hutumia mkono wa kulia, ilhali wa III hupima kati ya mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Tulimfunika blanketi, tukahamisha stika za mikono kutoka kwenye vifundo vya mikono hadi karibu na mabega, tukarudia, na safari hii mashine ikaandika mapigo ya kawaida. Kwa hiyo linganisha mistari hiyo mitatu. Uchafu ulio kwenye miwili tu kati yake hutoka kwenye kiungo cha mwili, si moyoni. Kuna pia uchafu wa umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde; huo huonekana kama vinywele vya kufanana, takriban 10 ndani ya kila kiboksi kikubwa, na ukishauona mara moja hutausahau.

Kuna alama nyingine ndogo unayoweza kuitazama bila utaalamu. Juu ya karatasi mashine huchapa vipimo vyake: kasi, `PR`, `QRS`, `QT/QTc`. Moyo wenye fibrilesheni hauna wimbi la P la kupimia, hivyo mashine nyingi huacha nafasi ya `PR`, yaani ule umbali wa kutoka P hadi mwiba, wazi au huweka vistari. Ukikuta imeandika fibrilesheni na papo hapo imetoa `PR` ya milisekunde 160, jua imejipinga yenyewe, na umwoneshe daktari hapo hasa. Neno `Unconfirmed` lina maana kwamba hakuna daktari aliyeupitia usomaji huo.

Namba ya `QTc` naomba usiihangaikie. QT ni muda kutoka mwanzo wa mwiba hadi mwisho wa wimbi la T, kilima kinachoufuata mwiba. Nafasi zikiwa hazilingani, QT hubadilika pigo hadi pigo, na kuisahihisha kwa kasi kunahitaji wastani wa mapigo kadhaa na jicho lililozoea kuona wimbi la T linapoishia. Kuhusu kupanda na kushuka kwa mstari baada ya mwiba, ambako watu hutafuta dalili za shambulio la moyo, siwezi kukufundisha kwa maandishi, na nisingependa ukutafute kwenye picha. ECG inaweza kuwa safi saa za mwanzo za shambulio, ndiyo sababu hospitali hurudia kipimo na kupima katika damu troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia. Mzee akipata maumivu ya kifua, jasho la ghafla, kuzimia, kushindwa kupumua, au mdomo kwenda upande na mkono kulegea, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msisubiri wiki ijayo.

Tuseme fibrilesheni imethibitishwa. Swali la kwanza la daktari litakuwa kama mzee anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu damu inayotuama katika chumba cha juu cha kushoto inaweza kufanya donge likaenda kwenye ubongo. Jibu la swali hilo halimo kwenye miiba. Limo katika umri wake, shinikizo la damu, kisukari, kiharusi cha zamani kama kipo, na hali ya valvu zake, ambazo huonekana kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Hili la valvu lina uzito wa pekee kwetu, ambako homa ya baridi yabisi bado huziharibu: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu wagonjwa wenye moyo ulioathiriwa na homa hiyo pamoja na fibrilesheni ulionesha kwamba wafarini na dawa za kundi lake ziliwafaa kuliko rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda. Watu wawili wenye karatasi zinazofanana kabisa wanaweza kuandikiwa dawa tofauti.

Siku ya kliniki nendeni na karatasi halisi, na ECG yoyote ya zamani mliyo nayo, kwa kuwa daktari atataka kujua kama hali hii ni mpya. Andikeni dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji, pamoja na saa moyo unaporukaruka na muda unaochukua, maana fibrilesheni huweza kuja na kuondoka, na sekunde 10 za siku moja zinaweza kuikosa au kuikuta kwa bahati. Karatasi hiyo itoeni fotokopi ya rangi mapema na msiihifadhi ndani ya bahasha ya plastiki wala kwenye gari juani, kwa sababu nyingi huchapwa kwa joto na hufifia kama risiti za dukani.