Bluu Mbili za Mrusi na Bluu Moja Yetu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri kutoka Kirusi mwongozo wa wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma Moscow. Kwenye ramani ya treni za chini ya ardhi kuna njia ya "sinii" na njia ya "goluboi", na kamusi yangu inasema yote mawili ni bluu. Nimeandika "njia ya bluu" mara mbili, mhariri kanirudishia. Niandikeje? Na ni kweli Warusi wanaona rangi tusizoziona sisi? (Mtafsiri, Sinza)

Jibu: Marahaba. Mshukuru mhariri wako, kwa sababu kwenye metro ya Moscow kosa hilo linampoteza mtu kweli. Njia namba 3 imechorwa kwa bluu iliyokoza na njia namba 4 kwa bluu ya angani. Zote mbili zinapita kituo cha Kievskaya, na kutoka hapo zinaelekea katikati ya jiji zikifuatana. Zote mbili kituo kinachofuata kinaitwa Smolenskaya, na baada yake Arbatskaya. Majina ni yale yale, vituo ni vingine. Ukishuka Arbatskaya ya njia moja hukuti mlango wa kukuingiza moja kwa moja Arbatskaya ya njia nyingine. Sasa mwanafunzi mgeni, baridi imemkaba, mwenyeji wake kamwambia "panda ya bluu, ushuke Arbatskaya, utanikuta jukwaani". Atashuka, na hatamkuta mtu.

Mrusi hawezi kuchanganya hapo, kwa sababu kwake hizo ni rangi mbili. Kwake sinii na goluboi si bluu nzito na bluu nyepesi, kama vile kwako wewe pinki si nyekundu nyepesi. Jipime mwenyewe: mtu akikuagiza umletee gauni jekundu ukamletea la pinki, atakuuliza kama una macho. Ukijitetea kwamba pinki ni nyekundu iliyotiwa nyeupe, atakuona mjanja tu, ingawa kwa fundi rangi umesema kweli. Mrusi ukimwambia goluboi ni aina ya sinii anakutazama hivyo hivyo.

Watoto wao wanajifunza hivyo mapema. Kuna sentensi ya kukariri rangi za upinde wa mvua, yenye maana ya "kila mwindaji anatamani kujua anapokaa ndege aitwaye fazan", na herufi ya kwanza ya kila neno ndiyo herufi ya kwanza ya rangi. Rangi ni saba, na baada ya kijani inakuja goluboi, kisha sinii, kila moja na herufi yake. Neno goluboi lina undugu na golub, yaani njiwa. Anga la mchana ni goluboi, na macho ya Wazungu tunayoyaita ya bluu, kwao ni goluboi. Sinii inakaa upande wa pili: bahari ya hadithi za kale ni sinii, na alama inayobaki mwilini damu ikivilia baada ya kupigwa inaitwa siniak, neno la ukoo huo huo.

Kuhusu swali lako la macho, usiwape Warusi sifa isiyo yao. Mwaka 2007 Jonathan Winawer na wenzake, akiwamo Lera Boroditsky, walichapisha jaribio walilofanya Marekani kwa wasemaji wa Kirusi na wasemaji wa Kiingereza. Walitumia ngazi 20 za bluu, kuanzia iliyokoza hadi nyepesi. Mtu aliwekwa mbele ya skrini, akaonyeshwa mraba mmoja juu na miwili chini. Mmoja kati ya ile ya chini ulikuwa sawasawa kabisa na wa juu, na kazi yake ilikuwa kubonyeza upande wa huo unaofanana, upesi awezavyo. Wasemaji wa Kirusi walikuwa wepesi zaidi pale miraba ya chini ilipoangukia pande mbili za mpaka, mmoja sinii na mwingine goluboi, kuliko pale yote miwili ilipokuwa ndani ya jina moja. Kwa wasemaji wa Kiingereza mpaka huo haukuleta wepesi wowote.

Kinachonivutia ni kilichofuata. Watu walipotakiwa kufanya kazi ile ile huku wakijirudia kimoyomoyo mfululizo wa tarakimu, ule wepesi wa Warusi ulitoweka. Walipopewa kushika akilini mpangilio wa picha badala ya tarakimu, wepesi ulibaki. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kinawasaidia ni jina la rangi, linalofanya kazi kichinichini wakati mtu anaamua. Ulimi wa ndani ukipewa shughuli nyingine, msaada unakatika. Tena tofauti yenyewe ni ya vipande vidogo vya sekunde. Wote waliona rangi zile zile, kama unavyoziona wewe.

Turudi kwetu. Kiswahili kina maneno ya rangi matatu tu yanayovaa viambishi kama vivumishi vingine: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema kitabu cheusi, magari mekundu, shati jeupe. Zilizobaki zote tumeziazima kwa vitu au kwa wageni, ndiyo maana zinahitaji "-a": shati la kijani, kutokana na majani, la kijivu, kutokana na jivu, la kahawia, kutokana na kahawa, la zambarau, kutokana na tunda. Bluu imetoka Kiingereza, na samawati imetoka Kiarabu, kwenye neno la mbingu. Kabla bluu haijazoeleka, vitu vingi vya rangi hiyo vilikaa chini ya weusi. Tazama kaniki: ni kitambaa kilichotiwa nili, ukikisogeza kwenye jua unauona ubluu wake, lakini waulize bibi zetu, watakwambia kaniki ni nguo nyeusi.

Kwa hiyo Kiswahili hakikosi namna ya kutenganisha. Kinachokosekana ni neno moja moja ambalo kila msomaji analielewa sawa. Namna tulizonazo zina mitego, na hapa ndipo watafsiri wengi wanapojikwaa.

Chukua sentensi fupi ya Kirusi isemayo gauni si sinii bali ni goluboi. Kwa kamusi yako inatoka "gauni si la bluu, ni la bluu". Mtafsiri anastuka, anaandika "ni la bluu iliyopauka". Hapo ameharibu gauni. Kupauka ni hali ya nguo iliyofuliwa mara nyingi ikaanikwa juani, na goluboi ni rangi kamili, mpya dukani. "Bluu hafifu" nayo inanong'ona udhaifu. "Bluu nyepesi" ni salama zaidi, lakini inamfanya msomaji aone rangi moja yenye viwango, wakati msemaji wa Kirusi alikuwa anakataa rangi moja na kutaja nyingine.

Jaribu "bluu bahari". Ni neno zuri la mtaani, ila lina matata mawili. Kwanza halijatulia: ukiagiza kitambaa cha bluu bahari Kariakoo bila sampuli mkononi, duka hili litakupa rangi ya anga na la pili litakupa inayokaribia kijani. Pili, linagongana na Kirusi chenyewe. Bluu bahari yetu ni nyepesi, kama maji ya kina kifupi pale Kunduchi saa sita mchana, lakini bahari ya hadithi za Kirusi ni sinii. Ukilitumia bluu bahari kwa goluboi, siku ukikutana na bahari hiyo umejifunga mwenyewe.

Mimi ningeandika: "Gauni si la bluu, ni la samawati." Samawati inafaa kwa sababu inatokana na mbingu, na mbingu ndiyo goluboi ya kwanza anayoijua Mrusi. Pia ni neno zima, halijaegemezwa kwenye bluu, kwa hiyo msomaji anapata rangi mbili kama ilivyokusudiwa. Kisha linatokea jambo la raha: bluu peke yake kwetu inabeba zote mbili, lakini ikiwekwa ubavuni mwa samawati inajibana yenyewe upande wa iliyokoza. Huhitaji kuongeza "iliyokoza" kila mara. Ile jozi ndiyo inayofanya kazi.

Tahadhari moja. Wasomaji wengi wa Kenya hutumia samawati kwa bluu yoyote, hata ile ya kaptura za shule. Mwongozo wako ukivuka Namanga, jozi hiyo inalegea. Kwa wasomaji mchanganyiko andika "samawati ya anga" dhidi ya "bluu iliyokoza" pale zinapotajwa mara ya kwanza, kisha endelea na neno moja moja. Na usibadilishe katikati. Nimeshasahihisha tafsiri ambayo mlango mmoja wa hadithi ulikuwa samawati ukurasa wa pili, bluu hafifu ukurasa wa tano, na bluu bahari mwishoni. Mtoto aliyesomewa alihesabu milango mitatu.

Mahali ambapo matini haitofautishi, usijichoshe. Kama kalamu ni sinii na hakuna kalamu nyingine ya kuilinganisha nayo, ni kalamu ya bluu, basi. Macho ya goluboi ni macho ya bluu. Kuyaita ya samawati kila mara kutaifanya barua ya kawaida isomeke kama shairi.

Sasa metro. Hapo usiitegemee rangi peke yake, hata ukiipatia jina zuri kiasi gani. Abiria wa Dar tumezoea kutambua daladala kwa mbali kwa mstari wa ubavuni, lakini kabla ya kupanda tunasoma kibao. Fanya hivyo hivyo, namba itangulie na rangi ifuate: "Njia namba 3 (bluu)", "Njia namba 4 (samawati)". Namba hizo zipo kwenye ramani na kwenye mabango ya vituoni. Kituo nacho kipe namba ya njia yake kila kinapotajwa: "Arbatskaya ya njia namba 3". Acha pia neno la Kirusi kwa matamshi, "sinii" na "goluboi", mara moja tu kwenye ukurasa wa ramani, kwa sababu mwanafunzi atakayeuliza njia atajibiwa kwa maneno hayo.

Halafu kabla hujapeleka kazi kiwandani, toa nakala moja ya ramani kwa mashine ya fotokopi isiyo na rangi. Mwongozo wa wanafunzi haukai siku mbili kabla haujatolewa kopi, na kwenye kopi bluu na samawati zote ni kijivu. Kama bado unaweza kuzitenganisha njia hizo mbili kwa kusoma namba, mrudishie mhariri.