Mmweko wa kijani jua linapozama: namna ya kujua mapema kama utauona

Wengi wanaokwenda pwani ya magharibi ya Unguja kutazama jua likizama wamesikia habari za mmweko wa kijani, ile rangi inayochomoza kwa sekunde moja au mbili pale kipande cha mwisho cha jua kinapotoweka baharini. Hukaa mchangani wakilikodolea jua macho tangu likiwa juu, wasione kitu, na kurudi nyumbani wakisema ni uzushi wa mabaharia. Mimi nimekuwa nikiutafuta kwa miaka kadhaa, zaidi upande wa Kendwa, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kwamba asilitazame jua lenyewe, bali ajifunze kusoma umbo la ukingo wake wa chini linapogusa maji. Umbo hilo humwambia mtu, dakika mbili kabla, kama kuna jambo la kusubiri au la.

Ili ushauri huo ueleweke, inafaa kujua mwanga unavyosafiri. Hewa ni nzito zaidi karibu na uso wa dunia na huwa nyepesi kadiri unavyopanda, na mwanga unaopita humo kwa mshazari hupinda kuelekea upande wa hewa nzito, yaani chini. Jicho halijui kwamba mwale umepinda. Hulidhania jua kuwa liko kule mwale unakoonekana kutokea, na kwa hiyo huliona juu kuliko lilipo. Kwenye upeo wa macho kunyanyuliwa huko hufikia takriban dakika 34 za pembe, ambapo digrii moja ni dakika 60 na dakika moja ni sekunde 60. Upana wa jua ni kama dakika 32 tu. Maana yake ni kwamba ukingo wa chini wa jua unapoonekana kuanza kugusa bahari, jua zima limekwisha kushuka chini ya mstari wa upeo, na unachokitazama kimenyanyuliwa na hewa.

Rangi hazipindi kwa kiasi kimoja. Nyekundu hupinda kidogo kuliko zote, kijani zaidi, buluu na urujuani zaidi tena, kwa hiyo kila rangi ina sura yake ya jua, na sura ya kijani hukaa juu kidogo ya ile nyekundu. Sura ya buluu ingekaa juu zaidi, lakini mwanga wa buluu unaokuja kwa njia hiyo ndefu hutawanywa na hewa na kuwa buluu ya anga ya watu wengine walio mbali, hata usitufikie. Ndiyo sababu, isipokuwa hewa ikiwa safi kupita kawaida, rangi ya mwisho tunayobakishiwa ni kijani.

Maelezo mengi huishia hapo, na hapo ndipo yanapompotosha msomaji. Tofauti ya kunyanyuliwa kati ya nyekundu na kijani haifiki hata asilimia moja ya zile dakika 34. Ni sekunde 10 hadi 15 za pembe. Jicho zima la binadamu haliwezi kupambanua kitu chembamba kuliko takriban sekunde 60. Utepe wa kijani upo juu ya jua kila jioni, lakini ni mwembamba mara nne au zaidi kuliko uwezo wa macho yetu, na kwa kuwa katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa sekunde 15 za pembe katika kila sekunde ya saa, utepe huo humezwa na maji kabla ya sekunde moja kwisha. Ili uonekane, lazima kitu kiukuze, na kikuzaji hicho ni mazigazi.

Mazigazi ninayoyazungumzia ni ya aina ileile inayotuonyesha maji ya uongo juu ya lami wakati wa mchana. Uso wa bahari ukiwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, jambo la kawaida katika bahari za joto, tabaka jembamba la hewa linalogusa maji huwa jepesi kuliko hewa ya juu yake. Miale inayopita karibu na tabaka hilo hupinda kwenda juu badala ya kwenda chini, na mtazamaji aliye ufukweni huona majua mawili: moja halisi linaloshuka, na jingine lililopinduliwa linalopanda kutoka majini kulilaki. Yanapokutana huungana, na kwa muda jua huonekana kama mtungi uliosimama juu ya kitako chake. Mahali sura hizo mbili zinapoungana, juu kidogo ya mstari wa maji, kila kitu hurefushwa sana kwa wima. Utepe wa kijani unapofika hapo hunyooshwa na kurudufiwa, sura iliyo wima juu na iliyopinduliwa chini, na kwa sekunde moja au mbili huwa mpana vya kutosha kuonekana kwa macho matupu.

Basi alama ya kutafuta ni kitako hicho. Jua likigusa maji na kuota shingo na kitako, kaa. Mwishoni kabisa, kipande kilichobaki hakikai juu ya maji. Huelea kidogo juu ya upeo kama yai lililolala, huku kikisinyaa kutoka ncha zake mbili. Zitazame ncha hizo, kwa sababu kijani huanza hapo, kisha hukimbilia katikati na kukifunika kipande kizima kabla hakijazimika. Jua likikatwa na maji bila kitako chochote, nafasi ya kuona mmweko kutoka usawa wa ufukwe ni ndogo.

Alama ya pili ni rangi ya jua lenyewe, nayo huwashangaza wageni. Jua kubwa jekundu unaloweza kulitazama bila kufumba macho, lile linalopendwa na wapiga picha, ni dalili mbaya. Limekuwa jekundu kwa sababu vumbi, chumvi au moshi vimekwisha kulinyang'anya kijani, na rangi iliyoondolewa njiani haiwezi kukuzwa na mazigazi. Jioni nzuri ni ile ambayo jua bado ni la manjano na linaumiza macho hata likiwa limegusa maji, na mstari wa upeo umekatika wazi bila ukungu. Jioni inayofuata mvua, mawingu yakiwa yametawanyika, ndiyo ninayoipa kipaumbele, kwani mvua imeosha hewa. Kikwazo kikubwa cha upande wetu ni mawingu yanayosimama juu ya bara mwisho wa mchana. Pwani ya bara yenyewe, ikiwa umbali wa kilomita 40 au 50 na nchi ni tambarare, hufichwa na mzingo wa dunia. Ukiwa Forodhani, angalia pia visiwa kama Bawe visikatishe upeo pale jua linapoangukia.

Suala la macho linahitaji uangalifu. Andrew Young, mwanafalaki wa San Diego aliyeuchunguza mmweko huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mtu anayelitazama jua kwa muda mrefu hudhoofisha kwa muda uwezo wa jicho wa kupokea nyekundu, na jua la manjano likaanza kuonekana la kijani wakati kamera haioni kijani chochote. Huenda sehemu kubwa ya mimweko inayosimuliwa ni ya namna hiyo. Mimi hulipa jua mgongo, au hufuatilia umbo lake kwenye kioo cha simu, na kugeuka pale tu kinapobaki kipande chembamba. Darubini ya mkono isiguse macho wakati jua bado lipo. Uharibifu wake haurekebishiki. Na ukibaki na doa la kijani linalofuata kila unapogeuza macho baada ya jua kwisha, hilo ni kivuli cha ndani ya jicho lako. Mmweko wenyewe hautegemei macho: picha za rangi zilizopigwa na kituo cha uchunguzi wa anga cha Vatikani huko Castel Gandolfo, zilizochapishwa mwaka 1958, ziliumaliza ubishi huo.

Kimo cha macho kina kazi yake pia. Mtu ambaye macho yake yako mita 2 juu ya maji huona upeo ukiwa chini ya usawa wa macho kwa takriban dakika 2.5 za pembe. Akiwa mita 4.5, ni dakika 3.7. Tofauti hiyo ya dakika 1.2, ambayo ni sekunde 72 za pembe, ikigawanywa kwa sekunde 15, jua humchelewea aliye juu kwa muda wa karibu sekunde 5. Jioni moja tulijigawa, wengine mchangani na wengine kwenye baraza la ghorofa ya kwanza. Kijana aliyekuwa chini alipaza sauti, "Maalim, hilo! Limekwisha!" na sisi wa juu bado tulikuwa na kipande cha manjano mbele yetu, ambacho kiligeuka kijani baada ya sisi kuwa tumekwisha kumcheka. Aliye mwepesi anaweza kuuona mara mbili kwa kupanda ngazi mara tu wa kwanza unapozimika. Hata hivyo usipande sana, kwa kuwa kadiri unavyokwenda juu ndivyo kile kitako kinavyokuwa chembamba. Mimweko inayoonekana kutoka majengo marefu kwa kawaida ni ya aina nyingine, inayotokana na hewa ya joto iliyokaa juu ya hewa baridi chini ya kimo cha mtazamaji. Huko vipande hujikata kwenye kichwa cha jua na kugeuka kijani kimoja baada ya kingine.

Kwa kamera, lenzi iwe ndefu, kwa sababu katika picha ya simu ya kawaida jua ni dogo mno. Rangi ipangwe kwa mwanga wa mchana na isiachwe ijirekebishe yenyewe, na picha iwe ya giza kuliko unavyodhani inafaa, kwani mwanga ukizidi, kijani hugeuka kuwa manjano iliyofifia.

Mwisho, wakazi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wanaelekea mahali jua linapochomoza, wala hawana haja ya kwenda Kendwa. Alfajiri mpangilio ni uleule kinyumenyume: kijani hutangulia, jua hufuata. Macho hayajachoshwa na mwanga, na upepo wa usiku kutoka nchi kavu umeipoza hewa juu ya maji yenye joto, kwa hiyo mazigazi hupatikana kwa urahisi. Tatizo ni kujua pa kutazama kabla hakijatokea kitu. Mimi nikiwa Paje au Jambiani husimika mti mchangani siku ya kwanza, nikatia alama mahali niliposimama, na jua linapochomoza nasogeza mti hadi uelekeane nalo. Kesho yake sehemu ya kuchomoza itakuwa imesogea kwa chini ya upana wa jua lenyewe, na saa itakuwa karibu ileile. Unasimama kwenye alama, unatazama juu ya mti, na unaanza kukaza macho dakika moja kabla.