Theresia yupi? Msiandike jina tu kwenye fomu ya ubatizo

Binti yetu alipozaliwa tukakubaliana aitwe Theresia, jina la bibi mzaa baba, basi tukaona kazi imeisha. Fomu ya parokia tukaijaza chapchap, jina Theresia, tukasonga. Kimbembe kikaja mwaka uliofuata tulipotaka kumsherehekea siku ya somo wake, mama wa ubatizo kaleta keki tarehe 15 Oktoba, mimi nilikuwa najua ni tarehe 1, na bibi kapiga simu tarehe 3 asubuhi, "Somo yangu yuko wapi nimwimbie?" Tarehe tatu mtoto mmoja jamani!

Nikaenda kumuuliza katekista, akacheka. Tarehe 15 ni ya Theresia wa Avila, yule Mkarmeli wa Hispania. Tarehe 1 ni ya Theresia wa Mtoto Yesu, Mfaransa aliyefariki akiwa na miaka 24 tu. Sasa ya bibi? Kumbe bibi naye hajakosea. Kawaida mtakatifu anakumbukwa siku aliyofariki, na huyu wa Mtoto Yesu alifariki 30 Septemba 1897, ila siku hiyo tayari ni ya Mtakatifu Jeromu, kwa hiyo alipoingizwa kwenye kalenda mwaka 1927 akapangiwa 3 Oktoba. Marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 ndo yakamsogeza tarehe 1. Bibi alibatizwa kabla ya hapo na hajawahi kubadilisha, na mimi sina ubavu wa kumwambia abadilishe 😂

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kubatiza, chagueni mtakatifu kwanza halafu jina ndo lifuate. Kama ni jina la kurithi, muulize mwenyewe somo wake ni nani angali hai, maana Yohane wapo kibao (Mbatizaji, Mtume, Bosco...) na Fransisko hivyohivyo. Ukishajua, muombe anayeandika kwenye daftari la ubatizo aandike kwa kirefu, Theresia wa Mtoto Yesu, na usome kabla hujaondoka. Herufi nazo ziangalie, Theresia kwenye ubatizo na Teresa kwenye cheti cha kuzaliwa utakuja kuhangaika nazo siku ya kuandikisha ndoa.

Na wale mnaopenda Neema au Upendo msiogope. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inasema tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo, hailazimishi jina la mtakatifu. Ile ya zamani ya 1917 ndo ilikuwa kali, wazazi wakikataa padri anaongeza la mtakatifu mwenyewe. Ila ukweli mtoto asiye na somo anakosa siku yake, sisi tumemwongezea mdogo wake Neema jina la Bakhita, 8 Februari.

Theresia wetu tumemwandikisha tarehe 1. Soda ya bibi anakunywa tarehe 3.