Kitabu cha mwalimu, kipya au mpya? Mudhafu na sifa kwa mnaoanza mazoezi ya tarjama

Nyinyi mlioanza tarjama ya Kiarabu msimu huu, nasahihisha sana madaftari ya hili zoezi la mudhafu na sifa na naona kitu kilekile kila siku, mtu ukimuuliza kanuni anakutajia zote bila kukosea, ila akipewa sentensi ya Kiswahili anaifuata neno kwa neno mpaka anapotea. Kwahiyo leo nakaa hapo tu, kwenye sifa inapoingia ndani ya "kitabu cha mwalimu". Kiarabu nakiandika kwa herufi zetu, vokali mbili maana yake unavuta, na kistari ni pale maneno yanapoungana kwenye kusoma.

Tuanze na mifupa yake. Kitaabu-l-mudarrisi, kitabu cha mwalimu. Hilo neno la kwanza, kitaabu, ndo mudhafu, halibebi al na halibebi tanwini, viwili hivyo vyote marufuku. La pili ni mudhafu ilayhi na siku zote liko jarr, ndo maana ni mudarrisi na sio mudarrisu. Sasa wengi wanakwama hapa: kitaabu haina al lakini ni maarifa, yaani kitabu kinachojulikana, kwa sababu kinachoamua ni neno la mwisho. Mwalimu akiwa na al basi na kitabu chake kimeshajulikana. Mwalimu akiwa nakira, kitaabu mudarrisin, basi ni kitabu cha mwalimu fulani tu, na kitabu nacho kinabaki nakira. Ukiandika al-kitaabu-l-mudarrisi ukidhani unakijulisha kitabu, umeharibu muundo wote, hapo hakuna "cha" tena.

Na Kiswahili hakitakusaidia kwenye hilo maana hatuna al. "Kitabu cha mwalimu" inaweza kuwa yote mawili, kwahiyo kabla hujashika kalamu jiulize huyu mwalimu ni yule tunayemzungumzia au ni mwalimu yeyote. Kama zoezi halina muktadha chagua moja, ila ukishachagua usibadilishe katikati ya sentensi.

Haya, sifa sasa. "Kitabu kipya cha mwalimu". Kiswahili sanifu sifa inakaa hapohapo baada ya kitabu kisha ndo "cha mwalimu" inafuata, na ukiifuata hivyo utaandika kitaabu jadiidu-l-mudarrisi, ambayo ni kosa namba moja kwenye madaftari yote. Sifa haiingii katikati ya mudhafu na mudhafu ilayhi. Sifa inasubiri mpaka mnyororo uishe, ndipo inakuja: kitaabu-l-mudarrisi-l-jadiidu. Ina al kwa sababu kitabu ni maarifa, japo kitabu chenyewe hakina al ya kuonekana, na ina u mwishoni kwa sababu kitaabu ina u. Ukisahau hiyo al ukaandika kitaabu-l-mudarrisi jadiidun hujaandika tena "kitabu kipya cha mwalimu", umeandika sentensi nzima, "kitabu cha mwalimu ni kipya". Yaani al moja tu ndo inatenganisha sifa na habari, na Kiswahili kazi hiyo tumeipa "ni". Kwahiyo kwenye kusoma pia, ukikuta maarifa halafu linafuata neno la sifa lisilo na al, mara nyingi weka "ni".

Sasa badilisha irabu moja ya mwisho: kitaabu-l-mudarrisi-l-jadiidi. Hapo mpya ni mwalimu. Sisi tunafanya hiyo kazi kwa ngeli, kitabu cha mwalimu kipya, kitabu cha mwalimu mpya, na hakuna anayechanganyikiwa, Waarabu hawana ki- na m- ila wana vitu vinne ambavyo sifa lazima ivifuate kwa mwenyewe: jinsia, idadi, al au kukosa al, na irabu ya mwisho. Swali lako kwenye kila sifa ni moja, "sifa ya nani?", halafu unaangalia hivyo vinne.

Chukua mfano mrefu kidogo, ufunguo wa gari la meneja: miftaahu sayyaarati-l-mudiiri. Neno la katikati linafanya kazi mbili, ni mudhafu ilayhi kwa ufunguo kwahiyo liko jarr, na ni mudhafu kwa meneja kwahiyo halina al wala tanwini. Sasa weka "mpya". Ukiandika al-jadiidati, hiyo ti ya kike inakuonyesha gari, maana sayyaara peke yake ndo ya kike hapo, kwahiyo "ufunguo wa gari jipya la meneja". Ukiandika al-jadiidu ni ya kiume na ina u, mwenye u ni miftaahu tu, kwahiyo "ufunguo mpya wa gari la meneja". Ukiandika al-jadiidi ni ya kiume na ina i, basi ni "meneja mpya". Sifa zote tatu zimekaa mahali pamoja, mwisho kabisa. Na angalieni upande wa Kiswahili, ufunguo mpya na meneja mpya zote ni "mpya", kwahiyo hapa ngeli haikutoshi, usiandike "ufunguo wa gari la meneja mpya" ukimaanisha ufunguo, irudishe sifa kwa mwenyewe.

Mfano mzuri kuliko wote mnaujua kwa moyo, uko Suratu-r-Rahmaan. Aya ya 27 inasema wajhu rabbika dhu-l-jalaali wa-l-ikraam, na aya ya 78, ya mwisho, inasema ismu rabbika dhi-l-jalaali wa-l-ikraam. Muundo ni uleule, uso wa Mola wako, jina la Mola wako, ila ya kwanza ina dhuu ambayo ni raf'a, inarudi kwa uso, na ya pili ina dhii ambayo ni jarr, inarudi kwa Mola. Kiswahili neno kwa neno kinalionyesha hilo bila shida, uso wa Mola wako wenye utukufu, jina la Mola wako mwenye utukufu. (Nasema kwa kisomo cha Hafsi ambacho ndo kiko kwenye misahafu mingi ya kwetu, kwa Ibnu Aamir hata ile ya 78 inasomwa dhuu, na hapo utukufu unarudi kwa jina.) Mtu anayesema irabu za mwisho ni mapambo tu mpeleke hapo.

Lakini irabu nazo zina mwisho wake. Tia fii mbele: fii kitaabi-l-mudarrisi-l-jadiidi. Sasa kitabu kiko jarr kwa sababu ya fii, mwalimu yuko jarr kwa sababu ya kuwa mudhafu ilayhi, wote wa kiume, wote umoja, wote maarifa. Sifa inaweza kuwa ya yeyote na hata ukiwa na irabu zote kamili huwezi kuamua kwa sarufi, utaamua kwa maana au utakwama. Ukiwa unatafsiri kwenda Kiarabu una njia ya kutoka, uvunje mnyororo kwa li: fi-l-kitaabi-l-jadiidi li-l-mudarrisi, kwenye kitabu kipya cha mwalimu. Hapo kitabu kinarudishiwa al yake na sifa inakaa nacho. Ukiwa unatoka Kiarabu kwenda Kiswahili huna ruhusa ya kuacha utata, lazima ki- au m-, basi soma sentensi ya kabla na ya baada. Na kumbuka maandishi mengi ya kawaida, magazeti na barua, hayana irabu, kwahiyo hata ule mfano wa mwanzo wa jadiidu na jadiidi ukiwa kwenye gazeti unaonekana mmoja.

Wingi nao una mtego wake. Vitabu vipya vya mwalimu ni kutubu-l-mudarrisi-l-jadiidatu, sifa ni ya kike umoja kwa sababu wingi wa visivyo watu unatendewa hivyo, na bahati nzuri hiyo inakusaidia, ukiona ya kike jua sio mwalimu. Watu ni tofauti, walimu wapya wa shule ni mudarrisuu-l-madrasati-l-jududu, na hapo muone ile nuni ya mudarrisuuna imeanguka, maana mudhafu wa wingi wa namna hiyo hauibebi.

Viambishi vya umiliki pitieni haraka, ni kanuni ileile. Kitaabii, kitabu changu, tayari ni maarifa, kwahiyo kitabu changu kipya ni kitaabii-l-jadiidu, na kitaabii jadiidun ni "kitabu changu ni kipya". Majina ya watu pia ni maarifa bila al, nyumba kubwa ya Maryam ni baytu Maryama-l-kabiiru.

Kilichobaki ni "-a" yetu wenyewe, inayodanganya kuliko vyote. Sio kila "ya" au "cha" ni mudhafu. "Lugha ya Kiarabu" kwa Kiarabu ni sifa, al-lughatu-l-arabiyyatu, zote mbili na al. "Shule ya msingi" ni madrasatun ibtidaaiyyatun, sifa. Mpime hivi, neno la pili likiishia na ile iyyu au iyya ya kunasibisha, mara nyingi hiyo ni sifa, itafuata vile vitu vinne, haina habari ya jarr ya lazima.

Sasa unganisha vyote, "mwalimu mpya wa lugha ya Kiarabu". "Wa" ya kwanza ni mudhafu kweli, "ya" ya pili ni sifa. Akiwa ni yule mwalimu tunayemjua: mudarrisu-l-lughati-l-arabiyyati-l-jadiidu, arabiyyati ya kike na i kwa ajili ya lugha, jadiidu ya kiume na u kwa ajili ya mwalimu, sifa ya lugha inatangulia kwa sababu lugha iko karibu. Akiwa ni mwalimu fulani tu, kama "shule yetu imepata mwalimu mpya wa lugha ya Kiarabu", hapo mudhafu haikufai kabisa, maana lugha ni maarifa na itamvuta mwalimu awe maarifa hata kama hutaki. Hapo unarudi kwenye li: mudarrisun jadiidun li-l-lughati-l-arabiyyati, na kwa kuwa yeye ndo shule imempata, yaani yuko nasb, inakuwa mudarrisan jadiidan, lugha inabaki ilivyo.