Kukadiria tani kutoka picha ya grafu

"Nimepiga picha grafu ya nguzo ya korosho kwenye ubao wa AMCOS yetu huku Newala. Jedwali hawakutoa. Nitajuaje tani za kila mnada?"

Ndugu, fungua picha kwenye Paint ya kompyuta. Ukisogeza mshale, chini inasomeka namba ya pikseli, ya pili ndiyo ya wima, nayo huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Tuseme mstari wa 0 upo 820, wa 400 upo 220, na kichwa cha nguzo kipo 385:

```
(820 - 385) / (820 - 220) * 400 = 290
```

Ukikosea pikseli 3, umekosea tani 2, kwa hiyo andika "kama 290".

Kinachoharibu zaidi ni picha iliyopigwa kutoka chini ya ubao. Pima 0 hadi 100, kisha 300 hadi 400. Nafasi ya juu ikiwa fupi, piga upya umesimama usawa wa ubao, au tumia mistari miwili inayokizunguka kichwa cha nguzo: wa 200 badala ya 0 na wa 300 badala ya 400, zidisha kwa 100, kisha jumlisha 200. Mimi hili lilinipotezea jioni nzima.

Kwa madai ya malipo, mwombe katibu jedwali lenyewe.