Mita iliyorudi nyuma: moduli tatu hazitoshi kama hazirekebishani

Wiki hii nimepata ujumbe wa kijana anayesoma diploma ya umeme. Ameandika: "Kaka, nimetengeneza kaunta tatu na kipigakura cha wingi. Mwalimu kasema mradi umekamilika. Nifunge kwenye kisima chetu?" Akaambatanisha ripoti ya FPGA yake, ile chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe kwa programu. Nimeisoma mara mbili, kisha nikakumbuka siku ambayo mbele ya kamati ya maji niliitwa mwizi. Siku hiyo bado inaniuma, kwa hiyo namjibu hapa, na wengine wenye wazo kama lake wasome.

Nilipewa kazi ya kufunga mita ya kielektroniki kwenye pampu ya kisima kimoja. Kihisio kilitoa palsi moja kwa kila lita 100, na kaunta ya biti 16 ilizihesabu na kuonyesha jumla. Nilitaka kazi isiyoharibika, nikaweka kaunta tatu, A, B na C, kila moja na waya wake wa palsi. Mbele yake nikaweka kipigakura. Kanuni yake ni fupi: kwa kila biti, toa kile ambacho angalau wawili wamekubaliana.

```
kura = (a & b) | (b & c) | (a & c)
```

Nilitembea kifua mbele. Nilimwambia kila mtu kwamba hata kaunta moja ikifa, mita itaendelea kusema kweli. Na kwa wiki tano ilisema kweli.

Kisha asubuhi moja mama mweka hazina, ambaye huandika namba kwenye daftari lake kila anapopita, alinipigia simu. "Fundi, mita inarudi nyuma." Nikamwambia mita hairudi nyuma, mama. Nikaenda. Daftari lilikuwa na mistari mitatu, dakika chache kati ya mmoja na mwingine: 2110, kisha 2175, kisha 2112. Pampu ilikuwa inavuta maji muda wote. Kwanza lita 6,500 zilitokea mara moja, kisha 6,300 zikapotea. Jioni kwenye kikao, mzee mmoja akasema fundi ameweka kidude cha kuiba maji. Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza.

Usiku nikaunganisha kompyuta na kuzisoma kaunta moja moja. B na C zilitofautiana kwa palsi moja tu. A ilikuwa nyuma ya C kwa palsi 65. Nikarudi na kalamu hadi kwenye ule mstari wa kati: A ilikuwa 2047, B 2111, C 2112. Ziandike kwa biti, ukiacha sufuri nne za mbele:

```
A     011111111111   2047
B     100000111111   2111
C     100001000000   2112
kura  100001111111   2175
```

Tazama vizuri. Hakuna kaunta yenye 2175! Kipigakura hakijui namba, kinajua biti, na kila biti ilipata wingi wake kutoka kwa jozi tofauti. Palsi iliyofuata A ikawa 2048, B 2112, C 2113, na kura ikatoa 2112. Mita ikarudi nyuma bila kipigakura kukosea hata biti moja.

Chanzo nilikipata kesho yake. Skrubu ya waya wa A ilikuwa imelegea, na A ilikuwa inakosa palsi moja leo, mbili kesho. Kwa wiki tano B na C zilikubaliana, kwa hiyo kosa la A halikuonekana popote. Halafu kontakta, ile swichi kubwa ya pampu, ilipowaka, kelele za umeme zikaingiza palsi moja ya uongo kwenye waya wa C. Palsi moja tu. Lakini wingi ulikuwa umeshavunjika, kwa sababu zilibaki kaunta tatu zenye namba tatu.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Moduli tatu, yaani nakala tatu kama kaunta zangu, zinavumilia hitilafu moja, na ya kwanza ikishakaa humo bila kurekebishwa, huna tena ulinzi, una deni. Hesabu inasema hivyo hivyo. Kama uwezekano wa moduli moja kuwa nzima ni R, basi wa zile tatu, kipigakura kikiwa kizima, ni huu:

```
3R^2 - 2R^3
```

R ikiwa 0.9 unapata 0.972, vizuri sana. R ikishuka hadi 0.4 unapata 0.352, yaani ni afadhali ungeweka moduli moja. Mpaka uko 0.5. Na kama hitilafu huja kwa kasi isiyobadilika na hakuna anayerekebisha, moduli ambayo peke yake ingedumu wastani wa miaka 6, zikiwa tatu na kura zinadumu wastani wa miaka 5. Kompyuta ya roketi ya Saturn V ilitumia mtindo huu, mantiki yake ikigawanywa vipande 7 vyenye vipigakura katikati, lakini kazi yake ilikuwa ya saa chache tu. Kisima chetu ni cha miaka.

Nilichobadilisha ni mahali pa kura. Mwanzo ilikuwa mlangoni tu, pale namba inapotoka kwenda kuonyeshwa, kaunta zikiendelea na namba zao. Sasa kila kaunta inaanza hatua yake kutoka kwenye kura, si kutoka kwenye namba yake yenyewe:

```verilog
always @(posedge clk) begin
  a <= kura_a + palsi_a;
  b <= kura_b + palsi_b;
  c <= kura_c + palsi_c;
end
```

A ikikosa palsi, inakuwa nyuma kwa mpigo mmoja wa saa ya saketi, kisha inavutwa kwenye namba ya wenzake. Palsi ya uongo kwenye C nayo inafutwa mpigo unaofuata. Vipigakura vyenyewe viko vitatu, kila kaunta na chake, maana kimoja kikiharibika kingezipotosha zote pamoja. Usiweke kura mlangoni peke yake. Narudia, kura irudi ndani.

Na weka taa. Kila kaunta nailinganisha na kura, na ikitofautiana hata mara moja, taa yake inawaka na kubaki inawaka hadi mtu aizime kwa mkono. Bila taa, kujirekebisha nako kungeificha ile skrubu. Masika yaliyofuata taa ya A iliwaka, mama akapiga simu, nikakaza skrubu, na daftari halikuwa na doa. Yule mzee alinipa mkono. Sijasahau maneno yake, lakini mkono niliupokea.

Yako mambo ambayo kura haitayaweza. Umeme wa kulishia ukiyumba, au kelele ikiingia kwenye nyaya zote tatu kwa pamoja, kaunta zote zitakosea namna moja na kura itapitisha kosa. Ndiyo maana nyaya zangu sasa zinapita mbali na kontakta.

Sasa wewe kijana. Kaunta zako tatu zinatumia waya mmoja wa palsi, na ripoti yako inaonyesha flip-flopu 16, yaani vihifadhi 16 vya biti moja moja. Kaunta tatu za biti 16 zinahitaji 48. Programu ya kutengeneza saketi imeona nakala tatu zinazofanana kabisa, ikazihesabu kuwa upotevu, ikabakiza moja. Kipigakura chako kinapiga kura na mtu mmoja. Weka agizo la kuizuia isifute nakala, `keep` au `dont_touch`, kulingana na programu unayotumia, kwenye kaunta na kwenye vipigakura, kisha endesha upya na usome tena namba ile kabla ya kugusa kisima cha watu.