Picha za saiti: mianzi, mivinje na mawe ya matumbawe

*"Jamani habari zenu, mimi niko Doha kwa kazi, nina ploti Mtwapa, nimetuma pesa za kujenga tangu mwaka jana. Kontrakta ananitumia picha watsapu kila mwezi lakini kuna moja nikaona nguzo za kushikilia slabu ni mianzi na mamangu anasema Mombasa hatujengi na mianzi. Je naweza kujua kwa picha tu kama ni nyumba yangu kweli? Nyumbani hakuna wa kwenda kuangalia kwa sasa."*

Dadangu pole, na mamako yuko sawa kwa asilimia kubwa. Mimi nimesimamia saiti hapa Mombasa miaka mingi, Bamburi, Kiembeni, mpaka Vipingo huko, na hii mambo ya picha nishaletewa zaidi ya mara moja. Hebu anza na hizo nguzo kwa sababu ndizo zilizokutia wasiwasi.

Pwani yetu slabu ikimwagwa inashikiliwa na miti ya mvinje, ile inayopandwa sana Kilifi na Kwale ikikatwa ingali nyembamba. Wengine wanatumia mkaratusi kutoka bara na wenye pesa wanakodi propu za chuma. Mvinje ni mti mzima, gome lake ni la kahawia lenye kukwaruza, chini mnene juu mwembamba. Mwanzi unateleza, una pingili kila baada ya kipande, na ukikatwa ncha unaona tundu katikati. Kwa picha ya mbali hivi vitu viwili vinafanana kabisa, hata mimi nishachanganya, kwa hivyo usiangalie nguzo yenyewe, angalia zinapokutana. Mvinje fundi wetu anapiga msumari tu, anaweka kipande cha mbao pembeni anagongelea amemaliza. Mwanzi ukipiga msumari unapasuka, lazima ufungwe kamba, ndio maana kila kiungo cha mianzi utaona kimezungushwa mara nyingi kama kidole kilichofungwa bendeji. Kuza picha, angalia kiungo. Ukiona kamba kila mahali na msumari hakuna, hapo ni India au Bangladeshi kabla hujafikiria Mtwapa. Hong Kong nako wanajenga skafoldi ya mianzi mpaka ghorofa za juu kabisa lakini wanafunga na vipande vya plastiki vyembamba halafu wanafunika na wavu, na mara nyingi nyuma unaona majengo marefu yamebanana, hiyo hata kontrakta mwizi hawezi kukuambia ni Mtwapa.

Sasa usikimbilie kusema "ni mvinje basi ni kwetu". Kusini mwa India wanatumia mvinje vile vile kama sisi, mti ni ule ule wa bahari. Hapa ndipo watu wanakosea, wanashika alama moja na kufunga kesi. Mimi huwa naenda kwa ukuta.

Nyumba za ghorofa sehemu nyingi duniani kwa sasa ni fremu ya zege, nguzo na mihimili kwanza, ukuta unajazwa katikati baadaye, kwa hivyo fremu haikuambii kitu na nondo zilizobaki zimesimama juu ya paa pia hazikuambii kitu, Misri wako nazo na sisi tuko nazo. Lakini kile kinachojazwa katikati ni kitu kizito, hakuna mtu anataka kukisafirisha mbali, kwa hivyo kinatoka timbo la karibu. Kwetu ni matumbawe: jiwe rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, lina vitundu na ukikaribia unaona vipande vya simbi ndani, na likikatwa kwa mkono kingo hazinyooki vizuri, kwa hivyo saruji ya katikati inakuwa nene na imejaa ovyo. Nairobi na Kiambu jiwe ni la kijivu, limekatwa na mashine, mistari imenyooka. Kampala na magharibi ya Kenya utaona sana tofali nyekundu za kuchoma. Dar ni tofali za saruji, kijivu, zote sawa sawa. India tofali nyekundu ndogo, na Kerala wana jiwe jekundu la udongo mgumu linalokatwa kama keki.

Nikupe kesi moja. Kuna mama yuko Maskati, ploti yake iko Utange, alikuja kwangu kupitia mpwa wake na picha tatu za kontrakta (jina naliweka pembeni). Ya kwanza msingi, udongo mwekundu juu na chini mwamba mweupe, mawe ya matumbawe yamepangwa pembeni, nikasema hii inaweza kuwa ya kweli. Ya pili slabu ya kwanza na nguzo chini, ukuta wa jirani nyuma ukaonekana kidogo tu kwenye kona, tofali nyekundu ndogo ndogo. Nikakuza nguzo, zimefungwa kamba. Ya tatu nyumba imefika juu, inapendeza wallahi, lakini ukuta ni jiwe la kijivu lililonyooka, hiyo ni kuelekea Nairobi. Yaani nyumba moja imejengwa nchi mbili! Tena tarehe alizotuma: slabu imemwagwa, baada ya siku 5 picha inayofuata nguzo zote zimetolewa na ukuta wa juu umeanza. Slabu ya kawaida nguzo zinakaa siku 14 mpaka 21, akizitoa siku ya 5 ama anataka imuangukie ama hakuna slabu. Tukapanda tuktuk na mpwa wake tukaenda Utange, tukakuta msingi ule wa picha ya kwanza, majani yameota ndani, na mbuzi wa watu.

Lakini nisikudanganye, kuna mahali njia hii inakwama. Siku hizi Mombasa watu wengi wanajenga na bloki za saruji kwa hivyo kukosa matumbawe si ushahidi wa wizi. Nyumba ikishapigwa plasta imekwisha, huoni chochote. Na wavu wa kijani na mabomba ya chuma usiseme ni Uchina, makontrakta wa Kichina wanajenga hapa hapa Kenya na wanakuja na mtindo wao. Pia kama ameiba picha ya nyumba ya mtu mwingine hapo hapo Mtwapa kila kitu kitalingana na bado si yako.

Kwa hivyo yako fanya hivi. Picha ya mianzi kuza kiungo, kamba au msumari. Halafu tafuta ukuta wowote, hata wa jirani, hata rundo la mawe kwenye kona, wezi wanakata watu na vibao kwenye picha lakini rundo la mawe hawalikumbuki. Kisha mpigie vidio bila kumpa habari, mchana, mwambie asimame kwenye kona ya ploti ageuke polepole mpaka uone barabara na paa la jirani, ufananishe na Google Earth. Akikwambia bando imeisha mwambie unamtumia bando sasa hivi.

Na ukitaka weka hiyo picha hapa, funika sura za watu kwanza, ukuta ukionekana hata kidogo nitakwambia.